Pesa Inayoingia Haiulizi Namba ya Siri

Mzee alifika dirishani kwangu saa nne asubuhi, simu ya kitochi ameibana kwa bega, mikono yote miwili inapekua mfuko wa shati. Nikamwamkia. Hakuitikia. Hilo lilinishtua kabla ya jambo jingine lolote, maana hapa Masasi mzee wa umri wake haachi shikamoo ipite hivi hivi. Alinisogezea kadi ya benki, akanong'ona: "Mwanangu, nitolee laki nne haraka. Nimeshinda."

Ilikuwa Novemba, msimu wa korosho. Katika miezi hiyo tawi letu dogo lenye madirisha matatu huwa na foleni inayofika nje, kwa kuwa malipo ya mnada huingia kwenye akaunti za wakulima kupitia vyama vya msingi. Matapeli nao wana kalenda. Hawahitaji kujua jina la mkulima wala kijiji chake. Wakituma ujumbe ule ule kwa mamia ya namba wakati wilaya nzima inasubiri meseji ya malipo, lazima umfikie mtu ambaye asubuhi ile simu yake ikilia moyo unaruka.

Nilimuomba mzee aniazime simu. Akakataa: "Wamesema nisikate." Basi nikamwita meneja wa tawi, naye akamtoa kwenye foleni, akamkalisha kwenye benchi chini ya karatasi ya manila iliyobandikwa ukutani. Karatasi hiyo tuliiandika wenyewe kwa kalamu nene msimu uliotangulia, ina mistari mitatu tu: Umeshinda mchezo ambao hukucheza. Unatakiwa utoe ili upewe. Unaelekezwa vya kubonyeza, na hutakiwi kukata simu. Mzee alikuwa amepita mbele yake zaidi ya mara moja. Karatasi ukutani haimsaidii mtu ambaye masikio yake yameshachukuliwa.

Mstari wa kwanza ndio unaoonekana mwepesi kuliko yote, na ndio watu wanaoubishia zaidi. "Lakini huenda namba yangu imechaguliwa tu!" Hapana. Bahati nasibu ya kweli ina mlango wa kuingilia: umenunua tiketi, umeweka akiba kipindi cha kampeni, umenunua bidhaa yenye kuponi. Hapa Tanzania promosheni za namna hiyo huendeshwa kwa kibali cha Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, na ndiyo maana kwenye droo unazoziona kwenye televisheni husimama ofisa wa Bodi akishuhudia washindi wanavyopatikana. Kama hukumbuki ulipoingilia, hukuingia. Tazama pia ujumbe umetoka wapi. Wa mzee ulitoka namba ya kawaida ya tarakimu kumi, kama ya jirani yake, nao ulimtaka apige namba nyingine ya kawaida. Mitandao ya simu hapa nchini hutumia namba moja ya huduma kwa wateja, nayo ni 100.

Niseme hapa kitu tunachoulizwa mara kwa mara: mbona hatukuweka makosa ya uandishi kama dalili? Ni kweli kwamba meseji nyingi za kitapeli zimeandikwa ovyo, herufi kubwa juu ya herufi kubwa. Ila zipo zilizonyooka kabisa, na zipo zinazonakili neno kwa neno mtindo wa ujumbe wa benki. Hata jina la mtumaji linaweza kughushiwa likasomeka kama la kampuni. Ukimfundisha mtu kuwa utapeli hutambulika kwa Kiswahili kibovu, umemfundisha pia kuamini Kiswahili kizuri.

Mstari wa pili unahusu ada. Huitwa majina mengi: kodi ya serikali, gharama ya kufungua zawadi, bima ya mzigo, pesa ya kusajili laini ya mshindi. Swali la kumuuliza mpigaji ni moja tu: kama milioni tano zangu mnazo, kwa nini hiyo ada msiikate humo humo, mkanitumia inayobaki? Hivyo ndivyo inavyofanyika kwenye michezo halali; kodi ya ushindi hukatwa na mwendeshaji wa mchezo kabla mshindi hajalipwa. Tapeli hana cha kukata, kwa hiyo atakwambia mfumo haumruhusu.

Laki nne ambazo mzee alizifuata kwetu zilikuwa hizo, za kodi. Alitakiwa azichukue taslimu, aziweke kwa wakala, kisha azitume. Lakini tulipoanza kumuuliza mmoja mmoja, pole pole, tukagundua kwamba ada ilikuwa sehemu ya pili ya mchezo. Ya kwanza ilikwisha kabla hajapanda bodaboda kuja mjini, na yeye mwenyewe alikuwa bado hajui.

Mambo yalikwenda hivi. Asubuhi alipiga ile namba, akapokewa na sauti ya kijana mwenye adabu nyingi, anayemwita "mzee wangu". Kijana akampongeza, nyuma yake zikisikika sauti kama za ofisi. Kisha akauliza: "Laini yako kwa sasa ina salio kiasi gani? Tunataka kujua kama inaweza kupokea milioni tano." Mzee akajibu kwa uaminifu: laki tatu na tisini na sita elfu. Salio la simu halina uhusiano wowote na mtu kukutumia pesa. Aliyeuliza alikuwa anapima atakachochukua.

Kijana akamwambia abaki hewani, aweke simu kwenye spika, afungue menyu ya pesa ya mtandao wake. Chagua moja. Chagua moja tena. Mzee hakusoma kilichoandikwa, alifuata namba anazotajiwa. Na hiyo moja ilikuwa "Tuma pesa". Simu ikamtaka aandike namba ya mpokeaji. Kijana akasema, "Hapo andika namba ya ofisi yetu ya zawadi," akamtajia tarakimu kumi. Simu ikataka kiasi. Kijana akasema, "Hapo weka namba yako ya ushindi: tatu, nane, tano, sifuri, sifuri, sifuri."

Isome tena. Ukitajiwa tarakimu moja moja, tatu-nane-tano-sifuri-sifuri-sifuri ni kama namba ya tiketi. Ukiisoma yote kwa pamoja ni laki tatu na themanini na tano elfu, yaani karibu salio lote, na zikabakishwa kidogo za makato ya muamala.

Kulikuwa na kizuizi kimoja kilichobaki. Kabla ya kuomba namba ya siri, simu huonyesha jina la anayetumiwa. Mzee aliliona, jina la mwanamke asiyemfahamu, akauliza. Jibu lilikuwa tayari: "Huyo ni mhasibu wetu." Na wala jina hilo lisingetufikisha mbali, kwa sababu laini nyingi za matapeli zimesajiliwa kwa vitambulisho vya watu ambao hawajui kitu, waliobonyeza kidole mara mbili au tatu kwa msajili wa mtaani wakidhani mashine imegoma. (Ukibonyeza *106# utaweza kuona laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha taifa. Fanya hivyo leo. Usishangae ukikuta usiyoijua.)

Mzee akaweka namba ya siri mwenyewe, kwa kidole chake. Hakumtajia mtu. Hapo ndipo tangazo linalosikika kila siku, "usimpe mtu namba yako ya siri", linapopungua. Alilitii neno kwa neno na bado akaibiwa. Ndiyo maana pale dirishani tunalisema kwa njia nyingine: pesa ikiingia haikuulizi kitu. Mwanao akikutumia elfu ishirini kutoka Dar es Salaam, unafanya nini ili uzipokee? Hufanyi lolote. Simu inaweza kuwa kwenye chaji chumbani nawe uko shambani, na pesa itaingia. Namba ya siri huombwa pesa inapotoka au pale unapotaka kuona mambo ya ndani ya akaunti yako. Ukiambiwa uiweke ili upokee zawadi, basi mwelekeo wa pesa umegeuzwa.

Baada ya hapo alitumiwa ujumbe ulioigizwa, "Umepokea TSH 5,000,000", nao ulitoka kwenye namba ile ile ya tarakimu kumi. Kijana akamwambia asitazame salio kwanza maana muamala utakwama, alipe kodi ndipo ufunguke, na njiani asimwambie mtu asije akaonewa kijicho. Kumzuia asikate simu kulikuwa na kazi mbili: asipate nafasi ya kutazama salio, na asipate nafasi ya kumuuliza hata mjukuu wake.

Meneja ndiye aliyeikata ile simu. Mzee alikasirika kwelikweli, akasema tumemharibia. Tukamuomba afungue menyu ileile, safari hii asome mwenyewe kila mstari, aangalie salio. Aliangalia mara mbili. Kisha akaniitikia: "Marahaba, mwanangu."

Tulipiga 100 hapo hapo kwenye benchi, tukaeleza muda wa muamala, kiasi na namba iliyopokea, tukaomba uzuiwe. Mtandao unaweza kuzuia pesa iliyo bado kwenye laini ya mpokeaji. Ikishatolewa kwa wakala hakuna cha kuzuia. Ya mzee ilikuwa imeshatolewa. Kwa hiyo anayetapeliwa asianze kwa kumpigia tapeli akimsihi, wala kwa kwenda nyumbani kutafakari. Aanze na 100. Kama akaunti yake ya benki imeunganishwa na simu, atupigie na sisi tuifunge kwa muda, kwa sababu mara nyingi anayeelekezwa kubonyeza huhamishishwa kwanza pesa kutoka benki kwenda kwenye simu. Halafu aende polisi akapate RB, akiwa na meseji zote. Asizifute kwa aibu.

Jioni ya siku ile mzee alipigiwa tena. Sauti nyingine, nzito zaidi, ikajitambulisha kuwa ni ya mpelelezi aliyezikamata zile laki tatu na themanini na tano. Inahitajika elfu thelathini tu ya faili ili zirudishwe. Aliyetapeliwa mara moja huingizwa kwenye orodha ya wanaoweza kurudiwa. Safari hii alikata.

Ujumbe wa namna hii ukikufikia, usimjibu mtumaji hata kwa matusi, maana utakuwa umemthibitishia kwamba laini yako ina mtu. Uelekeze ujumbe wenyewe kwenda 15040, namba ya Mamlaka ya Mawasiliano ya kuripotia utapeli. Ukijibiwa utaje namba iliyokutumia, iandike kama ilivyo. Na kama uko kwenye foleni ya benki, ukamwona mbele yako mtu mzima mwenye simu sikioni anayekazana kutoa pesa bila kusalimia mtu, mwite mhudumu.

Zile laki tatu na themanini na tano hazikurudi. Laki nne mzee alizifuata wiki iliyofuata, akaja na mkewe, akanunua bati.