Kilichomtoa Kijijini na Kilichomvuta Mjini

Wasilisho kuhusu watu kuhamia mjini huwa na jedwali la safu mbili. Upande mmoja zimeorodheshwa sababu zinazosukuma, kama uhaba wa ardhi na ukame, na upande wa pili zinazovuta, kama ajira, shule na umeme. Swali la kwanza kwa mwasilishaji ni iwapo sababu moja imehesabiwa mara mbili, maana “kijijini hakuna kazi” na “mjini kuna kazi” mara nyingi ni jambo lilelile lililotazamwa kutoka pande mbili.

Kuna njia ya kuzitenganisha. Mnyauko ukiua migomba ya Muleba na vijana wengi zaidi wakaondoka mwaka huo, ilhali Mwanza haijabadilika, huo ni msukumo. Migomba ikiwa inazaa kama kawaida, lakini kiwanda kimefunguliwa mjini na vijana wakakifuata, huo ni mvuto. Kwa hiyo mwasilishaji aulizwe ni upande upi uliobadilika, na lini.

Swali la pili linahusu dodoso. Likiuliza “Kwa nini ulihama?” na kuruhusu jibu moja, wengi watajibu “kutafuta kazi”. Chukua mfano wa kijana ambaye baba yake amefariki, kihamba kikagawanywa kwa ndugu watano, naye akabaki na vishina vichache vya migomba. Ni kweli alikwenda kutafuta kazi, lakini jibu hilo linauficha mgawanyo wa shamba, na anayelisoma ataliweka kwenye safu ya mvuto. Dodoso zuri huuliza pia yaliyotokea nyumbani mwaka mmoja kabla ya safari.

La tatu ni waliohojiwa wapi. Ukihoji watu mjini pekee, unawakuta walioweza kubaki. Walioshindwa kodi wakarudi kwao hawamo, na mji utaonekana mwema kuliko ulivyo. Utafiti wa kaya wa Kagera uliliepuka kosa hili. Ulianza mkoani humo mwaka 1991 kwa kaya zaidi ya 900, na mwaka 2004 watafiti wakawatafuta watu walewale popote walipokuwa, hata waliovuka kwenda Uganda. Waliohama walilinganishwa na wenzao waliotoka kaya ileile, wakabaki walipokuwa. Ukuaji wa matumizi ya waliohama uliwazidi wenzao kwa pointi 36 za asilimia.

Ulinganisho huo ni wa nguvu, kwa sababu unaondoa tofauti ya utajiri wa familia. Hauondoi kikamilifu tofauti ya mtu na mtu, kwa kuwa huenda aliyeondoka alikuwa na bidii au elimu kuliko nduguye. Tena takwimu hiyo inapima walichopata waliohama, wala haisemi kwa nini waliondoka. Mwasilishaji akiitumia kuthibitisha kuwa mvuto wa mji ndio uliowatoa, amejibu swali ambalo takwimu hiyo haikuuliza: hata aliyefukuzwa na njaa anaweza kufanikiwa mjini.