Baa Nane, Kitu Moja Mpya

Wasee wengi wa kutengeneza dip hausi hapa Nairobi hukwamanga mahali pamoja. Lupu iko fiti, inadunda, mbogi yote kwa keja inatingisha kichwa. Alafu msee anajaribu kuivuta ikuwe ngoma ya dakika sita, na hapo rada inapotea. Anaongeza hii, anatoa ile, anachoka, kesho anafungua lupu ingine. Laptopu inajaa lupu za sekunde kumi na sita na hakuna ngoma hata moja ya kupea dijei.

Dawa ya hiyo stori ni ya kitambo. Wakati Larry Heard, yule wa kujiita Mr. Fingers, aliachilia “Can You Feel It” huko Chicago mwaka wa 1986, hausi ilikuwa inatengenezewa dijei ako na santuri mbili zinazunguka. Huyo dijei lazima ajue ngoma itageuka saa ngapi, bila kuangalia popote, maskio tu. Ndo maana mambo hugeukanga kila baada ya baa nane. Baa moja ni kiki nne, baa nane ni kiki 32. Ukiweka BPM 120, kila kiki ni nusu sekunde, kwa hivyo frezi moja inachukua sekunde 16 kamili. Dip hausi mob hucheza hapo hapo, 118 hadi 124, lakini 120 inakupunguzia hesabu.

Kwa FL Studio, angalia namba zenye ziko juu ya Playlist. Milango yako ni 1, 9, 17, 25, 33, 41, 49, 57. Kila mlango, kitu moja mpya inaingia. Moja tu. Na hapa wengi huanza vibaya: wanaanzia mbele. Anza nyuma, buda. Tengeneza kwanza ile lupu yenye imejaa, kila kitu ikiwa ndani, uipime sauti hapo. Alafu ichape mara nane mfululizo na Ctrl+B, urudi mwanzo ukifuta. Ukijenga kutoka mbele, kiki itakuwa tamu ikiwa peke yake, na ukifika frezi ya saba imemezwa na vitu zingine, mita ni nyekundu, unaanza kushusha kila kitu upya.

Sema tuko na ngoma ya A maina. Baa ya 1 ni kiki peke yake, kavu. Baa ya 9, haihati ya wazi inaingia katikati ya kiki na kiki, na hapo tu mguu unaanza kusonga wenyewe. Baa ya 17, kofi, kwa mpigo wa pili na wa nne. Baa ya 25, kayamba. Mi huweka kayamba ya ukweli, ile ya Pwani, imerekodiwa kwa simu, alafu nakata besi yake yote ibaki tu ile mchanga-mchanga ya juu. Isikae sawa sawa kwa gridi, iburute kiasi, ju mashine ikipiga kayamba kama saa ya ukutani ngoma inakuwa baridi.

Umeona besi bado? Haijaingia, na hiyo si uvivu. Baa 32 za kwanza, yaani sekunde 64, ni za dijei. Hapo ngoma ya mwenye alitangulia bado inacheza, na iko na besi yake. Besi mbili zikikutana kwa spika kubwa, kila moja na noti yake, unapata matope: kiki inapotea, watu wanapunguza kudansi na hawajui ni kwa nini. Dijei mpoa atakata ya chini kwa mikisa, lakini ukimpea ngoma yenye besi inaanza sekunde ya kwanza, umemuongezea kazi, na kuna wenye wataiacha tu kwa fleshi.

Sasa baa ya 33, besi inaingia, na hii ndo frezi inataka akili zaidi. Noti ya A ya chini huko ni 55 Hz. Kiki nyingi za hausi pia zinakaa hapo karibu, 50 hadi 60. Vitu mbili kwa nafasi moja. Njia ya kwanza ni kuandika besi icheze katikati ya kiki, isigonge nayo. Njia ya pili ni saidicheni: kila kiki ikipiga, besi inainama kidogo alafu inarudi. Mi hupendelea ya kwanza, ju ya pili ikizidi ngoma inapumua kama msee amepanda ngazi za flati. Na usipime hii kwa spika ya simu. Simu haiwezi toa 55 Hz, utaskia tu kivuli yake, utaongeza besi hadi ikuharibikie kwa klabu.

Baa ya 41, kodi za kinanda. A maina ya tisa, A, C, E, G, B, imegongwa fupi nje ya mpigo, na filta imefungwa hadi iskike kama inatoka chumba cha jirani. Baa ya 49 hakuna sauti mpya. Filta inafunguka mos mos kwa hizo baa nane zote. Kitu mpya si lazima ikuwe chombo. Tena kufikia hapa msikilizaji ameshika mtindo wako, anajua kila sekunde 16 kuna mgeni, na akishakujua anaboeka. Hiyo filta inamchanganya vizuri. Baa ya 57, kipande cha sauti ya mtu, neno moja, na mwangwi mrefu. Baa ya 65, toa kiki. Dakika mbili na sekunde nane zimepita, na watu wamengoja hiyo pumzi.

Kitu ingine yenye huchoma ni mlango kufunguka bila hodi. Besi ikiingia ghafla baa ya 33 inaskika kama msee amekosea kubonyeza. Kwa baa ya 32 toa kiki ya mwisho, moja tu, ama uweke simbali ya kurudi nyuma ikivuta kuelekea mlango. Lakini usifanye hivyo kila frezi, utachosha watu. Weka hodi kubwa kwa besi na kwa ile baa ya 65. Haihati na kayamba ziingie tu.

Ukitaka kujua kama kitu inastahili frezi yake, izime katikati, baada ya baa nne. Ukiimisi, irudishe. Kama hujaskia tofauti, hiyo ilikuwa mapambo, na frezi yako ilikuwa tupu kitambo.

Kutoka ni hiyo hiyo hesabu kinyume, na sheria moja haibadiliki: baa 32 za mwisho zisikuwe na besi, ju hapo dijei ndo analeta ya ngoma inafuata. Sauti na kodi zitoke mapema, besi ifuate. Alafu kayamba, kofi, haihati, moja moja kila baa nane, na kiki ibaki peke yake kwa zile nane za mwisho.