Intaneti ya nyumbani itabeba wachezaji wangapi?

Ukiendesha seva ya Counter-Strike: Source nyumbani, angalia kasi ya kupakia, si ya kupakua, kwa kuwa seva humtumia kila mchezaji mienendo ya wenzake bila kukoma. Amri hii huweka kikomo cha kila mmoja, kwa baiti kwa sekunde:

```
sv_maxrate 20000
```

Zidisha kwa 8, upate biti 160,000. Wachezaji 10 watahitaji, wakifika kikomo, megabiti 1.6 kwa sekunde. Laini inayopakia megabiti 2 itatosha, mradi hakuna anayetuma video humo ndani. Ping za wote zikipanda kwa pamoja, huenda njia imejaa. Punguza wachezaji kwanza. Kikomo kikishuka mno, mchezo hukatakata.