Leso gani? Ya nani? Lini? Jinsi ya kuandika insha ya uhakiki kuhusu vazi moja

Mwaka wangu wa kwanza chuoni, kabla karo haijanishinda, tuliambiwa tuandike insha ya uhakiki kuhusu vazi moja kama kitambulisho cha utamaduni. Mimi nikachagua leso. Nikaandika kurasa nne: leso ni urithi wetu tangu jadi, leso ni fahari ya mwanamke wa Pwani, nyekundu ni mapenzi, nyeupe ni amani. Nilijua nimeua. Karatasi ikarudi na alama 11 kwa 30, na maneno matano tu ya kalamu nyekundu pembeni: "Leso gani? Ya nani? Lini?"

Nilikasirika wiki nzima. Leo binamu yangu amepewa kazi kama ile ile na akaja kwangu, ndiyo nimeona nikuandikie wewe pia. Maswali yale matatu ndiyo insha yenyewe.

Anza na leso gani. Usiandike kuhusu "leso" kwa jumla. Chukua moja, itandaze kitandani, uitazame kabla ya kufungua mtandao. Yangu ni ya marehemu nyanya yangu wa Kisauni. Ina urefu wa karibu mita moja na nusu na upana wa mita moja na kitu. Pembe zote nne zimezungukwa na pindo. Katikati kuna mji, na ndani ya mji kuna michoro ya korosho. Chini ya mji, karibu na pindo la upande mrefu, kuna jina, yaani yale maandishi: USISAFIRIE NYOTA YA MWENZIO. Kingo zake zimepindwa kwa sindano ya mkono, maana leso huuzwa mbili zikiwa zimeshikana, na mwenyewe ndiye huzikata na kuzipinda.

Unaona tayari tuna kitu cha kuuliza? Kwa nini korosho? Mchoro ule tunaouita korosho ulitoka India na Uajemi, ukaja na wafanyabiashara wa vitambaa. Nyota iliyo kwenye jina ni ya mabaharia. Yaani kabla hujaandika sentensi moja ya historia, kitambaa chenyewe kimekuambia kwamba kinatoka baharini.

Sasa lini. Hapa ndipo "tangu jadi" yangu ilipoanguka. Leso si ya tangu jadi. Neno lenyewe lina asili ya Kireno, na hapo mwanzo lilimaanisha kitambaa cha mkononi. Inasimuliwa kwamba katika karne ya 19 wanawake wa Pwani na Unguja walinunua vitambaa hivyo kabla havijakatwa, wakashona sita pamoja kuwa nguo moja kubwa. Wafanyabiashara wakaona soko, wakaanza kuagiza nguo nzima iliyochapwa. Zilichapwa India, Ulaya, na baadaye Japani. Hata majina ya mwanzo yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, kisha za Kirumi zikashika. Mfanyabiashara wa Mombasa, Kaderdina Hajee Essak, ambaye chapa yake ya "Mali ya Abdulla" bado iko sokoni, hutajwa sana kama mmoja wa walioeneza mtindo wa kuweka jina.

Ukifika hapa utashikwa na woga. Ati vazi letu lilichapwa ng'ambo? Basi si letu? Wanafunzi wengi hulificha jambo hili. Usilifiche. Swali zuri ni hili: nguo iliyotengenezwa na wageni iligeukaje kuwa yetu?

Jibu liko kwenye swali la tatu, ya nani. Unguja, kabla utumwa haujapigwa marufuku mwaka 1897, mavazi yalionyesha cheo chako. Mtumwa alivaa merikani, ile pamba ngumu isiyopakwa rangi iliyoletwa kutoka Marekani, au kaniki iliyotiwa rangi nyeusi ya buluu. Kujifunika kichwa na kuvaa viatu kulikuwa kwa waungwana. Mwanahistoria Laura Fair ameandika kwa kina jinsi watu waliokombolewa walivyobadilisha mavazi kwanza. Mwanamke aliyevaa kaniki jana alinunua leso zenye rangi na michoro, moja ya kiunoni na nyingine ya kichwani. Hakuwa anaonyesha utamaduni aliorithi. Alikuwa anadai nafasi aliyonyimwa.

Hapo ndipo nilipaswa kutoa hoja yangu. Hoja ya insha ya uhakiki ni sentensi ambayo mtu mwenye akili timamu anaweza kuipinga. "Leso ni utamaduni wetu" haipingiki, kwa hiyo haina kazi. Jaribu hii: "Leso haionyeshi mvaaji alizaliwa nani, inaonyesha anadai kuwa nani, mbele ya nani." Hiyo ina kazi, kwa sababu sasa lazima uithibitishe.

Ishara nazo zifuate njia hiyo hiyo. Achana na ile kamusi ya rangi, nyekundu hivi na nyeupe vile. Kisutu, leso ya nyekundu, nyeusi na nyeupe, inahusishwa na bibi harusi wa Pwani, lakini inapata maana hiyo kwa sababu ya siku inayovaliwa na watu walioko. Rangi zilezile kwenye jezi hazimwozi mtu.

Nikupe mfano wa leso ya nyanya. Mamangu anasema ilinunuliwa mwaka ambao mawifi walisema yeye aachishwe shule aolewe, kama binamu yake aliyeolewa vizuri. Nyanya hakujibu. Kwenye harusi iliyofuata aliifunga kiunoni, jina likakaa nyuma, akapita mbele ya wale mawifi akibeba sinia. Usisafirie nyota ya mwenzio. Kila aliyekaa nyuma yake alisoma. Na kama mtu angemuuliza, angejibu, "Si nimevaa leso tu?" Nguvu yake iko hapo: inasema na inakana kuwa imesema. Mama alimaliza shule.

Aya ya uhakiki kuhusu tukio hilo ina hatua nne: unaeleza kinachoonekana (jina, mahali lilipokaa), unasema lilivaliwa lini na mbele ya nani, unatafsiri maana, kisha unairudisha kwenye hoja. Nyanya alidai kuwa mama mwenye uamuzi, mbele ya watu waliomnyima. Ukiruka hatua ya pili, utabaki na methali tu. Ukiruka ya nne, utabaki na hadithi tamu ya familia.

Mwisho, weka ushahidi unaokupinga. Hapa Nairobi mama mboga hufunga leso asichafuke, na wengi hununua kwa kuangalia rangi bila kusoma jina. Je, huyo naye anadai kitu? Mimi naona hapana, si kila siku. Basi punguza hoja: leso husema pale tu ambapo kuna anayeweza kuisoma. Hoja iliyopunguzwa hivyo haijashindwa, imekuwa ya kweli zaidi.

Ile insha yangu ya kurasa nne haikumtaja nyanya hata mara moja. Leso yake ilikuwa kwenye sanduku, hatua tatu kutoka mezani nilipoandikia. Kwa hivyo kabla ya kuandika chochote, fungua sanduku la kwenu, toa nguo moja, na umuulize aliye hai bado: ulivaa hii lini, na nani alikuwa anakuangalia?