Uchumi Umedorora au Bado? Hesabu ya Hali Mbili Zisizoonekana

Tarehe 28 Julai 2022 serikali ya Marekani ilitoa takwimu za pato la taifa za robo ya pili ya mwaka huo. Pato lilikuwa limeshuka kwa asilimia 0.9 kwa mwendo wa mwaka. Robo ya kwanza nayo, kwa takwimu zilizokuwapo siku ile, ilikuwa imeshuka kwa asilimia 1.6. Robo mbili mfululizo chini ya sifuri. Magazeti mengi duniani huita hali hiyo mdororo wa uchumi bila kusubiri zaidi, na ubishi ukawaka siku hiyohiyo. Upande mmoja ulisema mdororo umeshaingia, upande wa pili ukauliza inawezekanaje uchumi udorore ilhali nusu ya kwanza ya mwaka imezalisha ajira mpya zaidi ya milioni 2.

Kwa Marekani, mwenye neno la mwisho katika jambo hili si serikali wala magazeti. Ni kamati ya wachumi katika taasisi binafsi ya utafiti iitwayo NBER, nayo haina haraka. Mdororo ulioanza mwishoni mwa 2007 ulitangazwa tarehe 1 Desemba 2008, wakati benki kubwa zilikwisha anguka na mamia ya maelfu ya watu walikwisha poteza kazi. Mwisho wake, Juni 2009, ulitangazwa Septemba 2010. Mfanyabiashara anayetaka kujua kama aongeze mzigo au aupunguze hawezi kungoja kiasi hicho.

Pengo hilo ndilo alilolishughulikia mchumi James Hamilton katika makala aliyoichapisha mwaka 1989 kwenye jarida la Econometrica. Alianza na dhana nyepesi. Uchumi, kwa wakati wowote, uko katika moja ya hali mbili: unakua au umedorora. Hali yenyewe hakuna anayeiona. Kinachoonekana ni takwimu za ukuaji, na takwimu hizo huyumba hata pale ambapo hali haijabadilika. Swali basi si kama namba ya robo hii iko juu au chini ya sifuri. Swali ni hili: kwa kuzingatia namba zote zilizotangulia, kuna uwezekano gani kwamba tumeshavuka kutoka hali moja kwenda nyingine?

Hamilton alichukua takwimu za pato la Marekani za kila robo mwaka kuanzia 1951 hadi 1984, akaiacha hesabu yenyewe itafute sura ya hizo hali mbili. Hakuiambia midororo ilikuwa lini. Matokeo yake yanashikika kichwani. Katika hali ya kukua, pato hupanda kwa wastani wa asilimia 1.16 kwa robo. Katika hali ya kudorora, hushuka kwa asilimia 0.36. Uchumi unaokua una uwezekano wa asilimia 90 hivi wa kuendelea kukua robo ijayo, na uliodorora una asilimia 75.5 ya kubaki ulipo. Ukikokotoa kutoka hapo, mdororo wa kawaida hudumu robo nne hivi, na kipindi cha kukua robo kumi au kumi na moja. Alipolinganisha tarehe zake na zile za kamati ya NBER, mara nyingi zilipishana kwa robo moja tu au zisipishane kabisa, ingawa kamati hutazama mambo mengi na yeye alitumia takwimu za pato peke yake.

Turudi Julai 2022, tuipitishe robo baada ya robo kwenye namba hizo za 1989. Tutarahisisha kidogo kwa kuacha kipengele kinachounganisha ukuaji wa robo moja na wa robo zilizopita, na tutachukua kwamba ndani ya kila hali namba huyumba kuzunguka wastani wake kwa kiasi cha asilimia 0.77 hivi, kama alivyokadiria Hamilton.

Mwisho wa 2021 uchumi wa Marekani ulikuwa ukikua kwa kasi, kwa hiyo tuanze na uwezekano mdogo wa mdororo, tuseme asilimia 2. Kabla hata ya kuona takwimu mpya, modeli husogeza uwezekano huo mbele robo moja. Kwa kuwa kila robo kuna nafasi ya karibu asilimia 9.5 ya kutoka kwenye ukuaji na kuingia kwenye mdororo, asilimia 2 inapanda hadi 11. Hayo ni matarajio tu, bado hatujajua lolote jipya.

Kisha inafika namba ya robo ya kwanza. Asilimia 1.6 kwa mwendo wa mwaka ni sawa na kushuka kwa 0.4 kwa robo. Namba kama hiyo ni ya kawaida mno kwa uchumi uliodorora, kwani iko karibu kabisa na wastani wake. Kwa uchumi unaokua, inatokea kwa nadra. Uzito wa ushahidi unaegemea mdororo karibu mara nane. Ukiuchanganya na yale matarajio ya asilimia 11, uwezekano wa mdororo unaruka hadi asilimia 48. Robo ya pili inashuka kwa 0.2 tu, lakini safari hii matarajio hayaanzi chini. Yanaanzia asilimia 41 au 42, na jibu linakuwa asilimia 77.

Hapo ndipo modeli hii inapotofautiana na kanuni ya robo mbili. Tuchukue ukuaji wa asilimia 0.4 kwa robo. Namba hiyo iko katikati kabisa ya 1.16 na kushuka kwa 0.36, hivyo yenyewe haishuhudii upande wowote. Ikija baada ya miaka ya neema, wakati uwezekano wa mdororo ulikuwa asilimia 5, modeli itasema asilimia 13. Ikija baada ya robo mbaya zilizoufikisha uwezekano kwenye asilimia 84, itasema 65. Namba ni ileile, tafsiri mbili. Mkulima wa pwani hufanya hivyohivyo na manyunyu: yakianguka Aprili husema ni masika, yakianguka Januari hasogei kutafuta jembe.

Lakini asilimia 77 ilikuwa kengele ya uongo. Robo ya tatu ya 2022 ilitoka na ukuaji wa asilimia 2.6 kwa mwendo wa mwaka, na hesabu yetu ikashuka chini ya nusu. Kamati ya NBER haikuwahi kutangaza mdororo wowote kwa mwaka huo. Kuna sababu zaidi ya moja, na kila moja inaonyesha mahali modeli inapovuja.

Kwanza, takwimu zilikuja kubadilika. Idara za takwimu hutoa makadirio ya mwanzo, kisha huyasahihisha kwa miaka kadiri risiti za kodi na tafiti za biashara zinavyoingia. Mwaka 2024 robo ya pili ya 2022, ileile iliyowasha ubishi, ilisahihishwa ikawa juu ya sifuri. Makosa huweza kwenda upande wa pili pia, na huko ndiko kwenye madhara makubwa zaidi. Robo ya mwisho ya 2008 ilitangazwa kwanza kuwa imeshuka kwa asilimia 3.8 kwa mwendo wa mwaka. Baadaye ikaonekana anguko lilizidi asilimia 8. Ndiyo maana Hamilton, katika kipimo anachokitoa sasa kila robo, hungoja robo moja zaidi kabla ya kuitolea hukumu ile iliyopita. Hutangaza mdororo pale tu uwezekano unapovuka asilimia 67, na hutangaza umekwisha unaposhuka chini ya 33. Kati ya mistari hiyo miwili habadili kauli.

Pili, namba za 1989 zimezeeka. Tangu katikati ya miaka ya 1980 uchumi wa Marekani uliyumba kidogo zaidi na kukua polepole zaidi. Katika miaka ya 2010 ukuaji wa kawaida ulikuwa chini ya asilimia 0.6 kwa robo, karibu zaidi na ile nusu ya njia ya 0.4 kuliko na wastani wa zamani wa 1.16. Anayetumia vipimo vya zamani ataona dalili za mdororo kila uchumi unapovuta pumzi. Vipimo hivi havina budi kukadiriwa upya.

Kukadiria upya nako kuna mtego, na mwaka 2020 uliuonyesha wazi. Robo ya pili ya mwaka ule pato la Marekani lilishuka kwa karibu asilimia 8, kisha robo iliyofuata likapanda kwa zaidi ya 7. Iingize robo hiyo kwenye modeli ya hali mbili na hesabu itaitengea hali moja peke yake. Midororo yote ya awali, hata ule wa 2008, itaonekana kama siku za kawaida ikilinganishwa na shimo lile. Anayeiendesha modeli hutambua kosa hili akitazama wastani wa hali ya mdororo: ukikuta umetumbukia mbali mno na ule wa zamani, na uwezekano wa mdororo ukawa karibu sifuri katika 2008, modeli imetekwa na tukio moja. Dawa zinazotumika ni kuongeza hali ya tatu, kuruhusu myumbo wenyewe ubadilike, au kuziweka kando robo hizo chache wakati wa kukadiria.

Tatu, pato la taifa ni jicho moja tu. Mchumi Marcelle Chauvet alichukua wazo la Hamilton akalijenga juu ya takwimu nne za kila mwezi: ajira, uzalishaji viwandani, mauzo, na mapato ya watu bila ruzuku za serikali. Mwaka 2022 ajira zilikuwa zikipanda wakati pato likionekana kushuka, na jicho hilo la pili ndilo lililokuwa sahihi.

Je, hesabu hii inaweza kufanya kazi Nairobi au Dar es Salaam? Kwa kuihamisha jinsi ilivyo, hapana. Hamilton alikuwa na robo zaidi ya 130 zenye midororo kadhaa ndani yake. Kenya ilishuka chini ya sifuri mwaka 2020, kwa asilimia 0.3, lakini miaka ya namna hiyo ni michache. Tanzania, kwa takwimu rasmi, haikushuka hata mwaka huo. Modeli isiyowahi kuona mdororo haiwezi kujifunza sura yake. Kwetu hali mbili zenye maana zingekuwa ukuaji wa kasi na ukuaji wa kusuasua, kila moja na wastani wake juu ya sifuri, na zingekadiriwa kwa takwimu za mwezi kama mikopo ya benki, matumizi ya saruji na umeme. Kazi hiyo inahitaji jambo moja ambalo idara zetu za takwimu zinaweza kulianza sasa: kila toleo la kwanza la takwimu lihifadhiwe na libaki wazi kwa umma hata baada ya kusahihishwa, ili mtafiti aweze kupima modeli kwa kile kilichojulikana siku ile.