Nani Yuko Katikati? Vipimo Vitatu Katika Mtandao wa Watu Kumi

Mwaka 1990 mtafiti wa Kimarekani David Krackhardt alichapisha mchoro wa mtandao mdogo ambao wanafunzi wa taaluma hiyo wangali wanauchora ubaoni hadi leo. Una watu kumi wa kubuni, kuanzia Andre hadi Jane, na mistari kumi na minane inayoonyesha nani anafahamiana na nani. Kwa umbo unafanana na kishada chenye mkia, na ndiyo maana huitwa kishada cha Krackhardt. Kilichoufanya udumu ni jambo moja. Ukiuliza nani ana nafasi kuu katika kundi hili, utapata majibu matatu tofauti, na kila moja lina hesabu yake.

Tuwapange watu wenyewe. Diane anafahamiana na sita: Andre, Beverly, Carol, Ed, Fernando na Garth. Fernando, mbali na Diane, anawajua Andre, Carol, Garth na Heather. Garth naye, mbali na Diane na Fernando, anawajua Beverly, Ed na Heather. Andre anafahamiana na Beverly na Carol, na Beverly na Ed. Hapo mwili wa kishada umekamilika. Mkia ni mfupi: Heather anamjua Ike, na Ike anamjua Jane. Jane hamjui mtu mwingine yeyote.

Kipimo cha kwanza ni cha idadi. Unahesabu mistari inayomgusa mtu, basi. Diane ana sita, Fernando na Garth wana mitano mitano, Heather ana mitatu, Jane ana mmoja. Kwa hesabu hii Diane ndiye mkuu, na hakuna wa kumkaribia isipokuwa hao wawili wenye mitano. Kipimo hiki kinajibu vizuri swali la papo kwa papo: Diane akiugua mafua leo, ni watu wangapi anaweza kuwaambukiza moja kwa moja? Lakini hakioni zaidi ya hatua moja. Marafiki wote sita wa Diane wamo ndani ya mwili wa kishada, na wengi wao wanafahamiana wao kwa wao. Habari wanayompa jioni inaelekea kuwa ileile aliyoisikia asubuhi.

Kipimo cha pili, cha ukaribu, kinauliza mtu yuko hatua ngapi kutoka kwa kila mwenzake. Diane anawafikia watu sita kwa hatua moja, Heather kwa mbili, Ike kwa tatu na Jane kwa nne. Ukijumlisha unapata hatua 15. Sasa mtazame Fernando. Watano anawafikia kwa hatua moja. Beverly, Ed na Ike kwa mbili. Jane kwa tatu. Jumla ni 14. Garth, aliye upande wa pili wa kishada, anapata 14 vilevile. Jumla ikiwa ndogo, mtu yuko karibu zaidi na kundi zima, kwa hiyo Fernando na Garth wanamshinda Diane ingawa kila mmoja ana rafiki pungufu kwa mmoja. Kwa wastani, habari kutoka kwao ingewafikia wenzao kwa hatua chache zaidi.

Hata hivyo, ushindi wao ni wa hatua moja tu, na hilo ni la kuangaliwa. Katika vikundi vidogo alama za ukaribu hukaribiana sana. Heather, mwenye marafiki watatu, naye ana jumla ya 15, sawasawa na Diane mwenye sita. Anayesoma orodha ya ukaribu kama matokeo ya mbio, wa kwanza, wa pili, wa tatu, anaweza kuipa uzito tofauti ambayo karibu haipo.

Kipimo cha tatu ndicho chenye mengi ya kusema. Mwanasosholojia Linton Freeman alikiweka wazi mwaka 1977, na hapa tukiite kipimo cha ukati. Chukua watu wawili wowote, tafuta njia fupi kabisa kati yao, kisha uliza: njia hiyo inapita kwa nani? Njia fupi zikiwa mbili zilizo sawa, kila moja inahesabiwa nusu. Andre akitaka kumfikia Ed, anaweza kupitia kwa Beverly au kwa Diane. Kila mmoja wao anapata nusu. Carol na Ed, kwa upande wao, wana njia fupi moja tu, nayo inapita kwa Diane, hivyo anaichukua nzima. Ukimfanyia Diane hesabu hii kwa jozi zote 36 za watu wengine tisa, anapata karibu 3.7.

Heather anapata 14. Hesabu yake haihitaji hata kikokotoo: kila mmoja wa watu saba wa mwili lazima apite kwake ili amfikie Ike au Jane, na saba mara mbili ni kumi na nne. Ike, mwenye mistari miwili tu, ana 8, zaidi ya mara mbili ya alama za Diane. Kwa hiyo mtu anayependwa na wengi hapiti njiani kwa wengi, kwa kuwa waliomzunguka wana njia zao nyingine za kufikiana. Heather akinyamaza, kishada kinakatika vipande viwili.

Nguvu hiyo, lakini, imesimama juu ya uzi mwembamba. Tuseme anayekusanya majina alisahau kuandika kwamba Garth na Ike wanafahamiana. Ongeza mstari huo mmoja na alama za Heather zinaporomoka kutoka 14 hadi mbili na kidogo, wakati idadi ya marafiki wake haijabadilika hata kidogo. Anayetumia kipimo cha ukati hana budi kurudi kwa watu wenyewe na kuuliza upya kuhusu mistari inayokosekana, hasa penye mkia. Kipimo hiki pia kinachukulia kwamba mambo husafiri kwa njia fupi. Mkopo au barua ya utambulisho inaweza kufuata njia hiyo. Umbea huzunguka unakotaka.

Kishada kilibuniwa ili vipimo vitofautiane. Katika maisha halisi mara nyingi vinakubaliana, na hapo inabidi kuangalia vinakubaliana kwa kiasi gani. Mfano maarufu ni ndoa kati ya koo 16 za Florensi, Italia, katika karne ya 15, data iliyokusanywa na John Padgett. Ukoo wa Medichi unaongoza kwa vipimo vyote vitatu. Kwa idadi una ndoa na koo sita, dhidi ya nne za Strozi na nne za Guadanyi. Pengo hilo si la kutisha. Kwa ukati, Medichi wanakaa kwenye njia za zaidi ya nusu ya jozi zote, Guadanyi karibu robo, na Strozi kama sehemu moja ya kumi.

Strozi na Guadanyi wana ndoa sawa kwa idadi, ila wakwe wa Strozi walioana pia wao kwa wao, ilhali Guadanyi walikuwa mlango pekee wa kuwafikia Lamberteski. Tofauti ya namna hiyo haionekani kwa kuhesabu harusi.

Ukoo wa Puchi, katika data hiyohiyo, hauna ndoa na yeyote kati ya wenzake 15. Idadi yake ni sifuri na ukati wake ni sifuri, lakini ukaribu wake hauhesabiki, kwa sababu hakuna njia ya kuufikia. Zaidi ya hapo, unaharibu hesabu ya ukaribu ya koo nyingine zote, maana kila moja ina umbali usio na mwisho hadi kwa Puchi. Wachambuzi wengi humwondoa na kuhesabu koo 15 zilizobaki. Wengine hubadili kanuni: badala ya kujumlisha hatua, hujumlisha moja gawanya kwa hatua, ili ukoo usiofikika uchangie sifuri na hesabu iendelee.