Diski ya Pili Haikufa Siku Ile

Mwalimu mmoja wa kompyuta katika shule ya hapa Machakos alinijia majuzi akiwa amejaa simanzi. Seva ya shule yao, iliyohifadhi alama za wanafunzi za miaka minne, ina diski nne zilizopangwa kwa mtindo uitwao RAID 5. Diski moja iliharibika. Akanunua nyingine, akaichomeka, na kazi ya kuijaza upya ikaanza. Kabla haijamalizika, diski ya pili ikatangazwa kuwa mbovu na seva yote ikanyamaza.

"Mzee, ni bahati mbaya gani hii, diski mbili kufa siku moja?"

Sikukubaliana naye. Diski ile ya pili ilikuwa na kidonda cha siku nyingi.

Tutazame hesabu yenyewe. Katika kila safu, diski tatu hubeba data na ya nne hubeba alama ya ziada. Tuseme data ni 1, 0 na 1. Alama ya ziada itakuwa 0, ili idadi ya moja iwe shufwa daima. Tarakimu yoyote ikipotea, zile tatu zilizosalia huitaja. Zikipotea mbili, hakuna awezaye kukisia.

Sasa, diski nzima ikiisha kufa, kila safu imekwisha kupoteza tarakimu moja. Ili kuijaza diski mpya, sharti zile tatu zisomwe mwanzo hadi mwisho, hata pembe ambazo hazijaguswa kwa miaka. Hapo ndipo sekta isiyosomeka hufichuka. Sekta hiyo ni baiti 4096 tu, lakini kadi nyingi zinazosimamia diski huikataa diski nzima kwa sababu yake.

Diski za mwalimu ni za terabaiti 4, kwa hiyo kusomwa ni terabaiti 12. Watengenezaji wa diski za kawaida huahidi kosa lisilozidi moja katika biti trilioni 100, yaani terabaiti 12.5. Tukishika kiwango hicho, uwezekano wa kukwama ni kama asilimia 62. Naam, diski nyingi hufanya vyema kuliko ahadi hiyo. Lakini hizi zilinunuliwa pamoja na kuzeeka pamoja.

Laiti kadi ingeagizwa kuzisoma diski zote kila mwezi zikiwa nzima! Sekta mbovu ingekokotolewa kutoka kwa wenzake na kuandikwa upya. Hata programu ya `smartctl` ingemwonya: penye `Current_Pending_Sector` pangekuwa na namba isiyo sifuri.

Nilimsihi asilazimishe kujaza tena. Tuliinakili diski ya pili kwa `ddrescue`, ambayo huziruka sehemu zisizosomeka na kuzirudia baadaye, kisha tukaiunganisha nakala hiyo na zile mbili nzima. Faili moja tu ndiyo iliyopotea: alama za Kidato cha Pili za muhula mmoja. Ameketi sasa kuziandika upya kutoka katika daftari lake.